Katuni ya mikorosho niliyoshindwa kuifungua, na jinsi nilivyoihifadhi upya

Mwaka 2018, nikiwa Mtwara, nilitengeneza katuni ya dakika nne inayowafundisha wakulima namna ya kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. Nilipoimaliza, jamaa mmoja mwenye duka la kuchapisha alinishauri nibaki na MP4 pekee, kwa kuwa "kazi ikishalipwa, mafaili mengine ni takataka". Sikuyafuta, lakini niliyatelekeza kwenye folda iliyokuwa na faili tatu zenye majina ya mwisho, mwisho_kabisa na mwisho_kweli, jambo ambalo pengine ni baya zaidi.

Miaka mitano baadaye mteja akataka nibadilishe maneno ya kibao kimoja tu. Nikamwambia ni kazi ya nusu saa.

Nilifungua mwisho_kweli kwa toleo jipya la Blender, programu ya kutengenezea katuni, lililokuwa kwenye kompyuta yangu, nikakuta mabibo yangu mekundu yamekuwa vinyago vya kijivu. Nilihangaika siku mbili nikidhani faili limeharibika, kabla sijakumbuka kwamba katuni ile niliitengeneza kwa toleo la 2.79 na kuichora kwa injini ya Blender Internal, ambayo iliondolewa katika toleo la 2.80 lililotoka mwaka 2019. Faili lilikuwa zima. Kilichokosekana ni programu inayojua kusoma rangi zake. Bahati nzuri matoleo ya zamani bado yanapatikana kwenye download.blender.org/release, nami nikapakua 2.79b ya zip, ambayo hufanya kazi bila kusakinishwa.

Rangi zikarudi, lakini kibao kikanishinda. Fonti niliyoitumia ilikuwa kwenye kompyuta iliyokufa zamani, hivyo Blender ikaweka fonti yake ya kawaida, na maneno UBWIRI UNGA yakamwagika nje ya ubao hadi kwenye shina la mkorosho. Nikatafuta fonti ile mtandaoni, nikaipata kwa jina lilelile, nikashangilia mapema. Kumbe ilikuwa imefanyiwa marekebisho, na herufi zake zilikuwa nene kidogo kuliko za awali. W peke yake ilitosha kusukuma neno zima. Nililazimika kupanga upya vibao kumi na vinne kwa jicho, nikilinganisha na MP4 ambayo angalau nilikuwa nayo. Tangu hapo siandiki jina la fonti nikaona inatosha. Ninatunza faili lenyewe la .ttf pamoja na karatasi yake ya leseni.

Nilipomaliza marekebisho niliamua kuifunga kazi hiyo kwa namna ambayo isingenifedhehesha tena. Nilianza na File > External Data > Report Missing Files, nikapata picha tisa zilizokuwa zikitafutwa kwenye D:\kazi, diski ambayo haipo tena. Nilipozipata kwenye flashi ya zamani nilizirudisha, nikatumia Make All Paths Relative, kisha Pack All Into .blend. Hapa kuna mtego: amri hiyo hubeba picha, sauti na fonti, lakini haibebi video, kwa hiyo kipande changu cha video ya bahari ya Mikindani nilikiweka kando ndani ya folda ileile.

Hila ninayojivunia ni ya vibao. Kila maandishi niliyatolea nakala, nikaigeuza nakala kuwa umbo kwa Alt+C, kisha nikaificha kwenye leya ya 20. Maandishi halisi hubaki ya kuhaririwa, lakini fonti ikipotea, umbo la kila herufi lipo palepale.

Ndani ya folda kuna zip ya 2.79b yenyewe, fremu zote 6000 za PNG (dakika nne kwa fremu 25 kila sekunde) na sauti ya WAV. Pia kuna MAELEZO.txt, maandishi matupu yanayotaja toleo, injini, faili lipi ndilo la mwisho na kasoro ninazozijua, kama vile mkono wa mkulima unaopenya pampu kwenye fremu ya 3112. Diski mbili zilinigharimu laki mbili na ushee. Moja iko kwangu, nyingine kwa dada yangu Lindi.

Sikuamini hadi nilipojaribu kwenye kompyuta ya mpwa wangu kulekule Lindi, ambayo haijawahi kuwa na Blender wala fonti zangu. Nilizima intaneti, nikafungua zip, nikaandika:

```
blender -b ubwiri.blend -o //jaribio_#### -f 240
```

Fremu ya 240 ndiyo yenye kibao kilichonishinda. Niliiweka juu ya PNG yake iliyokuwa kwenye folda, nikawa naziwasha na kuzizima kwa zamu. "Mjomba, mbona hakuna kinachosogea?" akauliza mpwa wangu. Nikamwambia hicho ndicho nilichokifuata Lindi.