Ndugu yako amepata ajali

Jumanne, usiku

Asubuhi nilimpakia mama mmoja na magunia yake ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, nampeleka stendi ya Nyegezi. Tulipofika Mkuyuni meseji ikaingia: "Ndugu yako amepata ajali mbaya ya bodaboda huku Sengerema, hajitambui. Mimi daktari wa zamu. Tuma 180,000 ya kipimo cha kichwa kwa namba hii, haraka."

Nikapaki pembeni. Mdogo wangu anavua dagaa kisiwani Kome, na akivukia Nyakalilo hupanda bodaboda. Nikampigia, hapatikani. Mikono ikaanza kutetemeka.

"Piga simu zako, baba," yule mama akasema. "Dagaa wamekauka, hawaozi."

Nikaisoma tena ile meseji. Imeandikwa "ndugu yako", basi. Jina hakuna. Na nani mjini hapa asiye na ndugu anayepanda bodaboda? Namba yangu nayo imebandikwa kioo cha nyuma cha gari, kila mtu anaiona.

Nikampigia huyo daktari.

"Shikamoo dokta. Ni ndugu yangu yupi?"

"Kitambulisho kimelowa damu, hakisomeki. Wewe ndugu yako wa huku anaitwa nani?"

Jina sikumpa. Ningelitamka tu, angelidaka na kunirudishia, nami ningeamini amelitoa kwa mgonjwa. Badala yake nikamuuliza: "Isije ikawa yule kaka yangu dereva wa lori?"

"Ndiyo, huyo huyo! Lori lake liko hapa nje."

Kaka sina, kwetu mimi ndiye mkubwa. Na ile ajali ya bodaboda sasa imekuwa ya lori.

Nikamuomba kontrol namba, maana hospitali za serikali ndivyo zinavyolipwa, si kwa simu ya mtu. Akasema mtandao wa hospitali umekata. Nikajifanya natuma, nikaingiza ile namba na kiasi, nikasimama kabla ya namba ya siri. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, wakati niliyeongea naye alikuwa na sauti nzito ya kiume. Hilo peke yake si ushahidi, watu husajiliana laini, ila kwa hayo mengine lilitosha. Nikaghairi.

Moyo bado haukutulia. Nikampigia shemeji, naye akampigia mwenye kibanda cha kuchaji simu kule kambini. Wiki hii ni giza, hakuna mbalamwezi, wavuvi wanakesha ziwani na taa zao, asubuhi wanalala na simu ziko chaji. Nikiwa nashusha magunia Nyegezi, mdogo wangu akapiga, sauti ya usingizi: "Kaka, shikamoo. Kuna nini mbona mnaniamsha?"

Nikaituma ile meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Wakajibu wakitaka namba ya tapeli, nikawapa.