Jinsi ninavyotambua raketi ya tenisi kwa picha na kumjua mchezaji inayemfaa

Ninafundisha tenisi Tukuyu, kwenye uwanja wa saruji, na raketi tunazochezea nyingi hutoka katika mitumba ya Mbeya mjini. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anapofungua belo lenye vifaa vya michezo hunitumia picha kwa simu, nami hutakiwa kujibu mapema kabla bidhaa haijachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo nimelazimika kujifunza kuisoma raketi kwa picha kwa kiwango cha kuweza kusema ni ya aina gani, na hasa ni ya mchezaji wa daraja gani, kwa kuwa raketi nzuri mkononi mwa mtu isiyemfaa humchosha bega na kumharibia pigo lake.

Jambo la kwanza ninalothibitisha ni kwamba ninachoonyeshwa ni raketi ya tenisi kweli. Raketi za skwoshi na za badmintoni huletwa katika belo hilo hilo, na urefu hausaidii kuzitenganisha, kwani zote za watu wazima hukaribia sentimita 68. Ninaangalia sehemu iliyo kati ya kichwa na mpini. Badmintoni ina fimbo moja nyembamba, na nyingi za skwoshi pia zina shingo nyembamba na fremu iliyokonda, ilhali ya tenisi ina mikono miwili minene inayoachana kutoka kwenye mpini na kuacha uwazi wa pembetatu chini ya nyuzi.

Uwazi huo wa pembetatu ndio unaonipa jibu la pili, ambalo kwangu ni muhimu kuliko rangi na maandishi yote. Raketi ya bei nafuu hutengenezwa kwa bomba la alumini lililokunjwa, na kwa kuwa bomba moja haliwezi kuziba sehemu ya chini ya kichwa, kiwanda huweka hapo kipande cha plastiki. Ukikuza picha utaona mstari wa maungio pande zote mbili za kipande hicho, na mara nyingine utaona hata ribiti. Raketi ya nyuzi za kaboni, ambayo wengi huiita ya grafaiti, hutoka katika kalibu ikiwa kitu kimoja, kwa hiyo hapo shingoni hakuna maungio, na umbo huteleza kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kukatika. Neno «titani» lililoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni halibadilishi hukumu hiyo, maana nimeliona mara nyingi kwenye raketi za alumini zenye kipande cha plastiki. Za alumini sizikatai. Zinamtosha anayejifunza kuugusa mpira, lakini hazimtoshi mtu anayeanza kupiga kwa nguvu, kwa sababu mtikisiko wake humfikia kwenye kiwiko.

Baada ya hapo hupima ukubwa wa kichwa, na kwa hilo lazima picha ipigwe vizuri. Humwomba mfanyabiashara ailaze raketi sakafuni, aweke karatasi ya A4 kando yake, asimame wima juu yake na asiipige kwa mshazari. Simu ikisogezwa karibu na kichwa, kichwa hukua na mpini hupungua, na hesabu yote huharibika. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, kwa hiyo hunieleza kama raketi ni ya mtu mzima, yenye sentimita 68.5, au ya mtoto, ambazo zina takriban sentimita 53, 58, 63 au 66. Pasipo kipimo cha kulinganishia, picha ya raketi ya mtoto inaweza kukudanganya kabisa.

Nieleze mfano mmoja. Mfanyabiashara alinitumia picha ya raketi nyeusi ambayo rangi yake ilikuwa imekwanguka, maandishi yote yamefutika, na akaandika: «Mwalimu, hii ni ya kitaalamu, usiiache.» Aliyekuwa akitafuta raketi wakati huo ni dada mmoja muuguzi, aliyekwisha kujifunza kurudisha mpira lakini pigo lake bado fupi. Shingo ilikuwa ya kitu kimoja, kwa hiyo ilikuwa ya kaboni. Niliifungua picha kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka raketi nzima ikawa na milimita 137 kwa rula, ili kila milimita mbili za kioo ziwe sentimita moja ya kweli. Kisha nikapima uwazi wa kichwa kwa ndani, pale nyuzi zinapokaa, nikapata urefu wa milimita 64.5 na upana wa milimita 48.5, yaani sentimita 32.25 kwa 24.25. Kichwa cha raketi kinakaribia umbo la yai lenye ncha mbili sawa, kwa hiyo eneo lake hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana na kisha kwa 0.785. Nilipata takriban sentimita za mraba 614. Kwa kuwa viwanda huandika ukubwa wa kichwa kwa inchi za mraba, niligawanya kwa 6.45 na kupata 95.

Namba hiyo ina maana yake. Vichwa vya inchi 100 hivi hutumiwa na wachezaji wa kati na wengi wa juu. Kuanzia 105 na kuendelea eneo la kupigia ni pana na raketi husamehe mpira usiogonga katikati, na ndiyo sababu wanaoanza huelekezwa huko. Vya 98 na chini ni vya mtu ambaye mkono wake hufika mahali palepale kila mara. Hata hivyo njia yangu inaweza kukosea kwa inchi mbili au tatu, kwa hiyo sitoi uamuzi kwa kichwa peke yake.

Nilihesabu nyuzi. Ukikuza picha na kuanzia katikati kwenda ubavuni, huna haja ya kuhesabu zote: nyuzi za wima zikiwa nane kila upande, jumla ni 16, na zikiwa tisa, jumla ni 18. Raketi ile ilikuwa na 18 za wima na 20 za kulala. Mpangilio wa 16 kwa 19 ni wazi zaidi, huushika mpira na kuuzungusha kwa urahisi, na huusukuma kwa nguvu kiasi. Mpangilio wa 18 kwa 20 umebanana, hauruki sana, na humdai mpigaji alete nguvu yake mwenyewe.

Kisha niliomba picha ya ubavu, huku mpira wa tenisi ukishikwa sambamba na fremu, umbali uleule kutoka kwenye kamera. Mpira una kipenyo cha karibu sentimita 6.7, kwa hiyo fremu yenye unene wa theluthi ya mpira ina milimita 22 hivi. Fremu pana, zinazofikia milimita 26 au zaidi, ni ngumu na huurudisha mpira kwa nguvu hata pigo likiwa fupi. Fremu ya raketi ile haikufika theluthi ya mpira. Kila alama ilikuwa inaelekea upande mmoja.

Kitu ambacho picha haikiambii ni uzito, na hapo humtumia muuzaji kama mikono yangu. Wauza maharage sokoni wana mizani, na mfanyabiashara wangu alikwenda kupima kwa jirani akanipigia picha ya kioo cha mizani: gramu 332. Nyuzi zina gramu 15 hadi 17 hivi, na utepe wa ziada wa mpini una gramu chache, kwa hiyo fremu tupu ilikuwa karibu gramu 310. Raketi za wanaojifunza kwa kawaida huwa kati ya gramu 255 na 285 bila nyuzi, za kati hukaa chini kidogo ya 300 au zikaifikia, na zaidi ya hapo ni za wenye pigo kamili. Nilimwomba pia aiweke juu ya kidole mpaka itulie, aonyeshe mahali pa kidole kwa rula. Ilitulia sentimita 32 kutoka mwisho wa mpini, wakati nusu ya urefu wake ni 34, maana yake uzito umeelemea mkononi na kichwa ni chepesi kuzungusha. Raketi nyepesi za wanaoanza mara nyingi hufanya kinyume: uzito husogezwa kichwani ili kufidia wepesi wa fremu.

Kwa hiyo mfanyabiashara alisema kweli, ilikuwa raketi ya mchezaji wa juu, na kwa sababu hiyohiyo haikumfaa dada muuguzi. Nilimchukulia kijana wetu anayepiga kwa mkono mzima tangu begani, na dada nilimtafutia nyingine.

Katika kumtafutia dada huyo nilitenda tofauti na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wa pwani. Tukuyu, kama Mbeya mjini iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, iko juu milimani. Hewa ya huku ni nyepesi, haiukawizi mpira sana, na mpira wenye hewa ndani hudunda juu zaidi kwa kuwa shinikizo la nje ni dogo. Kanuni za tenisi zenyewe zinatambua mipira maalumu ya kuchezea juu ya mita 1,219, lakini huku tunatumia ya kawaida tunayoipata. Anayeanza akipewa raketi yenye kichwa cha inchi 115, nyepesi na yenye fremu nene, mfano Head Ti.S6 ambayo huonekana katika mitumba na ina gramu 225 tu bila nyuzi, mipira yake mingi hutoka nje ya uwanja naye hujifunza kuizuia badala ya kupiga. Kwa wanafunzi wangu watu wazima hutafuta kichwa cha 100 hadi 104, gramu 275 hadi 290, nyuzi 16 kwa 19. Dada nilimpatia Babolat Pure Drive ya toleo jepesi, ambayo niliitambua kwa jina lililobaki ubavuni na kisha kuithibitisha kwa vipimo vile vile, maana jina peke yake hubandikwa hata kwenye raketi bandia.

Sikubali malipo kamili kabla ya kuishika raketi, na sababu ni nyufa. Mkwaruzo wa rangi huwa na kingo zisizo na mpangilio na huishia kwenye rangi. Ufa wa kaboni huwa mstari mwembamba ulionyooka, mara nyingi hutokea upande wa juu wa kichwa pale kinapogonga sakafu, na hufuata ukanda uleule hata ndani ya fremu. Picha ya simu huuficha mstari huo kwa urahisi. Ikifika kwa basi, hubonyeza kichwa kwa viganja viwili na kusikiliza: fremu nzima hukaa kimya, iliyopasuka hulia. Nyuzi zilizokuja nayo huzikata bila kujali zinavyoonekana, kwa kuwa zimekwisha kulegea, na nyuzi mpya za Pure Drive ya dada nilizifunga kwa mvuto wa kilo 25 badala ya 24 ambazo ningezitumia kama angecheza Dar es Salaam.