Barua ya Mkuu wa Wilaya usimtumie mwalimu wako

Aliyeniambia "andika barua moja ya kuahirisha, badilisha jina la juu tu, tuma kote" bado tunasalimiana, lakini ushauri wa mambo ya barua siombi tena kwake.

Nilikuwa katibu wa kamati ndogo ya wahitimu wa shule yetu ya msingi. Tulichanga tutengeneze madawati 60, tukapanga kuyakabidhi Jumamosi tarehe 18 Mei 2024. Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Wilaya. Mzungumzaji alikuwa mwalimu aliyenifundisha darasa la tano, sasa mstaafu, ambaye kwangu ni zaidi ya mwalimu: ndiye aliyenisukuma hadi nikafika nilipofika. Siku tano kabla ya hafla madawati yaliyokamilika yalikuwa 22. Fundi alikula malipo ya awali, akawa hapokei simu. Ikabidi tuahirishe, na mimi ndiye mwenye kalamu.

Nianze na nilipoharibu. Niliandika barua safi ya kiofisi, yenye Kumb. Na., Yah: kwa herufi kubwa, na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Nikaichapa ya Mkuu wa Wilaya, kisha nikabadilisha anwani na kumtumia mwalimu kwa WhatsApp kama faili. Baada ya nusu saa likaja jibu: "Ndugu Katibu, barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi." Basi. Mzee aliyekuwa akiniita "mwanangu" tangu nina miaka kumi na moja kaniita Ndugu Katibu! Hakukasirika, alikuwa ananichapa fimbo ya zamani kwa njia ya kisasa. Nilipompigia akacheka kwanza, halafu akasema nilimfanya ajione kama ofisi.

Hapo ndipo kosa lilipo. Urasmi kwa mtu wa karibu unasomeka kama mlango uliofungwa. Barua humwambia kwamba uhusiano wenu umehamia kwenye faili, na yeye hukumbuka kwamba hukuthubutu hata kumpigia. Kwa mkubwa wa serikali ni kinyume chake: asipopata barua, kwa ofisi yake hujaahirisha chochote.

Kwa mwalimu, njia ni simu, na ya sauti. Ujumbe wa maandishi unafuata baadaye. Shikamoo inatangulia, unaitikiwa, unauliza mama nyumbani, afya, mashamba. Usirefushe sana, maana mzee anajua umekuja na neno na atakukatisha mwenyewe: "Haya, sema." Ukianza, sema sababu yenyewe na makosa yako ndani yake. Mimi nilimweleza kwamba fundi alitukimbia na kwamba nilimlipa zaidi ya nusu kabla ya kuona hata dawati moja, kinyume cha alichonifundisha mwenyewe. Alinisema kidogo, nikanyamaza, na hapo ndipo msamaha ulipopatikana. "Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza" haina kazi hapo. Neno ni "nisamehe mwalimu, nimekusumbua".

Kisha uliza kuhusu safari. Yeye alishakata tiketi ya basi. Hii ndiyo sehemu nyeti, kwa sababu ukimrushia hela ya nauli kwa M-Pesa kimya kimya, anaona unafunga hesabu naye. Mimi nilisema, "Mwalimu, tiketi ile iwe juu yangu, ukija mara ya pili nitakukatia mwenyewe na nitakupokea stendi." Akakubali bila maneno mengi. Baada ya simu nikamtumia mistari miwili yenye siku na saa mpya, na saa nikaandika kwa maneno, "saa nne asubuhi", kwa sababu 10:00 na saa 4 vimeshaharibu mipango ya watu wengi.

Sasa ofisini. Nilijaribu kwanza njia ya mkato, nikamtumia ujumbe Mheshimiwa mwenyewe, kwa namba aliyonipa mwenyekiti wetu. Tiki mbili zikawa za bluu, kimya. Kesho yake katibu muhtasi wake akanieleza bila hasira: simu ya bosi si masjala, na yeye hawezi kufuta kitu kwenye ratiba kwa sababu mtu fulani ametuma ujumbe. Alikuwa sahihi. Ratiba ya Mkuu wa Wilaya inabeba watu wengi nyuma yake: Katibu Tawala, dereva, walinzi, mwandishi wa hotuba, mara nyingine na wajumbe wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake. Wote hao wanasubiri karatasi.

Kwa hiyo vitu viwili vinakwenda pamoja. Unampigia katibu muhtasi asubuhi, saa mbili na nusu hivi kabla wageni hawajajaa, ili aweke alama kwenye shajara. Siku hiyo hiyo unapeleka barua masjala ukiwa na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, unaondoka nayo. Nilipiga picha ile yenye muhuri nikamtumia katibu muhtasi. Barua inaweza kulala masjala siku moja au mbili kabla ya kupanda mezani, na sisi tulibakiwa na siku chache tu. Zikibaki siku mbili, usiishie masjala; omba kuonana na Katibu Tawala.

Neno la kwenye Yah: lilinichukua muda kuliko barua nzima. Kuna kufuta, kusitisha, kuahirisha na kutengua. "Kufuta" kunamwambia mgeni rasmi kwamba hatakiwi tena. "Kusitisha" kunamwacha hajui kama kuna siku nyingine. "Kutengua" usiliguse kabisa: Mkuu wa Wilaya ni mteule wa Rais, na neno hilo kwake lina habari moja tu, ile inayosomwa usiku kwenye taarifa ya Ikulu. Mwenyekiti wetu alitaka tuandike "kutengua mwaliko" kwa sababu linasikika zito. Nililifuta mbele ya macho yake. Kama siku mpya ipo, neno ni kuahirisha. Kama hakuna, andika "hafla haitafanyika", kwa umbo la kutendeka, bila mtu anayemfutia mkubwa kitu.

Barua iliyokubalika ilikuwa hivi:

Yah: KUAHIRISHWA KWA HAFLA YA KUKABIDHI MADAWATI ILIYOPANGWA KUFANYIKA TAREHE 18 MEI 2024

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea barua yetu ya tarehe 22 Aprili 2024 iliyokuomba uwe mgeni rasmi katika hafla tajwa.

Tunasikitika kukuarifu kuwa hafla hiyo haitafanyika katika tarehe iliyopangwa kutokana na kutokamilika kwa utengenezaji wa madawati. Tunaomba radhi kwa mabadiliko haya.

Kwa heshima, tunaomba ofisi yako itupangie tarehe 13 au tarehe 20 Julai 2024, au siku nyingine itakayokufaa. Tutathibitisha kukamilika kwa madawati yote wiki mbili kabla ya siku hiyo.

Nakutakia kazi njema.

Tazama kilichoachwa. Fundi hayupo. Kwa mwalimu fundi alitajwa hadi kwa jina, lakini barua ya serikali inaingia kwenye faili na inakwenda kwa nakala, na mstari wa "fundi ametukimbia na fedha" unaweza kuzaa swali la polisi wakati bado tunamfuata kwake tuelewane. Ukweli ni ule ule, kina ndicho kinachopungua. Ila usizidi kupunguza: "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu" ni maneno ambayo Katibu Tawala atayarudisha na swali, kwani si kweli kwamba madawati yako nje ya uwezo wako. Na kwenye barua hakuna nauli wala mafuta ya gari. Hayo hayaandikwi.

Siku nayo: mwalimu nilimpa siku moja, akajibu ndiyo. Mkubwa hapangiwi na wewe. Unampa nafasi mbili na ofisi yake inachagua. Juni tuliiruka kwa sababu ya likizo ya shule, maana hakuna picha mbaya kama mgeni rasmi akikabidhi madawati kwa darasa tupu.

Halafu nakala. Hapa watu wengi huanguka, nami nilikaribia. Orodha ya nakala za kuahirisha inatakiwa iwe ile ile ya barua ya mwaliko, mtu kwa mtu: Katibu Tawala, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Afisa Elimu wa msingi, Diwani, Mtendaji wa Kata, Mwalimu Mkuu. Nilimsahau Diwani. Mtendaji ndiye aliyenishtua Alhamisi, kwamba Diwani ameshaagiza kikundi cha ngoma. Nilikwenda kwake na pikipiki, hela ya mafuta hata siikumbuki, nikamkabidhi nakala mkononi.

Na salamu. Mkuu wetu wa Wilaya ni kijana, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Mwenyekiti aliniuliza kama nikionana naye niseme shikamoo. Hapana. "Habari za kazi, Mheshimiwa" inatosha, na shikamoo ikimtoka yeye kwa ajili ya umri wako, unaitikia marahaba bila kuacha Mheshimiwa yako. Kwenye barua ya kiofisi shikamoo haiingii kabisa, kwa yeyote.

Kuna hali moja inayochanganya: mtu mmoja akiwa vyote viwili. Mwenzangu kwenye kamati, mlezi wake wa miaka mingi ndiye Afisa Elimu aliyekuwa kwenye orodha yetu ya nakala. Aliuliza amfanye mkubwa au mzazi. Nikamwambia afanye yote mawili, ila kwa mpangilio: simu jioni, nyumbani, shikamoo baba, na habari yote ya fundi, kesho yake nakala ofisini kama wengine, "Ndugu Afisa Elimu", bila hata neno moja la kindugu pembeni kwa kalamu. Simu itangulie, kwa sababu barua ikifika kwanza mzee atakuwa ameisoma mbele ya katibu muhtasi wake, na hapo hata akiuliza "mtoto huyu vipi tena?" atauliza kwa sauti ya ofisi.