Themokapo iliyochelewa

Kipindi hicho niko kiwanda kimoja cha mafuta ya kula Dar, upande wa vipimo na kontrol, tumetoka kwenye matengenezo makubwa, tunawasha hita ya mafuta, joto linagoma kutulia. Setipointi, yaani joto tunalolitaka, ni nyuzi 100, skrini inapanda 105 inashuka 95, mzunguko mmoja dakika 4 hivi na haukomi. Wote wanailaumu vavu ya stimu. Nikaitoa kwenye oto nikaisogeza asilimia 2 kwa mkono, shina likafuata bila kukwama, nikaiacha hapo na joto likanyooka. Kwa hiyo stimu safi, vavu safi, bembea inazaliwa ndani ya lupu yenyewe, yaani ule mzunguko wa sensa kumwambia kontrola na kontrola kuiamuru vavu.

Nikamuuliza mzee wa zamu, "Mzee, huku kwenye sensa mligusa nini?" Akaniambia, "Tuliivalisha koti la chuma kijana wangu, ili ikifa tuibadilishe bila kumwaga mafuta." Sababu ya maana kabisa. Ila nilipoichomoa nikaona sensa, themokapo ya kupima joto, ni milimita 6, tundu la koti milimita 9, na ncha haijafika chini. Yaani joto likishapita chuma linakutana na hewa, na hewa haipitishi joto vizuri.

Tukasubiri laini isimame, tukafungua koti zima na sensa yake tukalitumbukiza kwenye maji yanayochemka, saa mkononi. Lilianza na 30, maji 100, tofauti 70. Kasi ya sensa hupimwa kwa muda wa kufika asilimia 63 ya tofauti, hapa ni 44, kwa hiyo nasubiri 74. Ikafika sekunde ya 50. Sensa tupu kwenye maji yaleyale ilichukua sekunde 4 tu! Na hayo ni maji, kwenye mafuta inachelewa zaidi maana mafuta yanatoa joto polepole.

Sasa kontrola ilikuwa bado na geini ya zamani, 4, yaani ukali wake wa kujibu kosa. Mafuta yameshapita 100 ila yeye anasoma bado ni baridi, anaendelea kufungua stimu, akija kushtuka anabana kwa nguvu kwa kosa lililokwisha kupita. Kibaya zaidi skrini inaficha. Kwa bembea ya dakika 4, sensa ya sekunde 50 inaonyesha kama asilimia 60 tu ya mtikisiko halisi, zile 5 tulizoziona kwenye mafuta zilikuwa 8 na kitu.

Usiku ule nikashusha geini mpaka 1.2, ikatulia, lakini mafuta ya baridi yakiingia inachukua muda mrefu mno kurudi, na mimi hilo sikulikubali. Tukachonga koti lenye tundu la kubana, sensa yenye springi inayosukuma ncha mpaka chini, na pesti ya joto kidogo. Kipimo kilekile kikatoa sekunde 18. Nikapandisha geini taratibu hadi 2.5, zaidi ya hapo bembea inaanza tena, maana unene wa chuma chenyewe bado upo na ule hauondoki kwa pesti.