Usiku wa kuamkia Jumanne

Mwaka 2009, nyumbani Unguja, shangazi yangu alinipa daftari la baba yake nimfasirie mistari ya Kiarabu aliyoiandika kila alipopata mtoto. Mstari wa dada yake mkubwa ulikuwa mfupi: amezaliwa lailatu th-thulathaa, baada ya sala ya isha, 12 Rabiu l-awwal, mfungo sita kwetu, mwaka 1350 wa Hijria.

Nilianza na jina la siku. Thulathaa inatokana na tatu, na mkono ulitaka kuandika Jumatatu. Lakini Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, sisi Jumamosi, kwa hiyo siku yao ya tatu ni Jumanne yetu. Hapo sikuteleza. Nikaitia tarehe kwenye kompyuta, ikatoa 28 Julai 1931, na kweli ilikuwa Jumanne. Nikaandika: "usiku wa Jumanne, 28 Julai 1931."

Nilipomsomea, shangazi alinisimamisha.

"Mwezi kumi na mbili mfungo sita, mwanangu. Maulidi husomwa lini?"

"Mwezi kumi na moja usiku, shangazi, kuamkia kumi na mbili."

"Basi. Dada amezaliwa watu wako maulidini. Wewe umempeleka usiku wa pili yake."

Alikuwa na haki. Kwa babu, siku ilianza jua linapozama, kwa hiyo lailatu th-thulathaa ni usiku unaoutangulia mchana wa Jumanne. Kompyuta ilinipa mchana huo. Baada ya isha, kabla ya saa sita, kalenda ya Kizungu ilikuwa bado Jumatatu, 27 Julai. Wazee wetu nao wakisema "usiku wa Jumanne" walikusudia usiku huohuo, lakini wajukuu wangeusoma kuwa ule unaofuata mchana, na tarehe 28 niliyoibandika ingewathibitishia kosa. Nalipenda sana neno "kuamkia": kila anayelisoma, mzee au kijana, hufika usiku uleule.

Mstari mwingine ulinisumbua kwa namna tofauti. Daftari lilisema Ijumaa, kompyuta Alhamisi. Kompyuta hufuata jedwali, miezi ya siku 30 na 29 ikipokezana. Babu alifuata mwezi ulioandama Unguja, na wingu likiuziba, mwezi uliopita hukamilishwa siku 30. Nilishika Ijumaa, nikaisogeza tarehe ya Kizungu mbele siku moja. Mtu anaweza kukhitilafiana na jedwali, lakini Ijumaa aliyokwenda kusali haimpotei. Tofauti ingekuwa siku mbili au zaidi, ningerudi kwanza kutazama tarakimu, maana mbili na tatu za Kiarabu katika wino uliofifia hufanana mno.

Mstari wa kwanza niliuandika upya mbele yake: "Amezaliwa mwezi 11 mfungo sita usiku, kuamkia 12, mwaka 1350, Jumatatu usiku kuamkia Jumanne, 27 Julai 1931, baada ya isha."

Shangazi akaniomba nimsomee tena, polepole.