Maji umeyaona au umeyafikiria?

Jana jioni jirani alikuwa anakaanga karanga uani, na harufu ya karanga za moto mnaijua wenyewe inavyopita ukuta, basi katoto kangu kakanifuata kibarazani kananiuliza, "Baba, mbona watu wote wanakula karanga ila mimi nanyimwa?" Nikamwambia ukifika miaka mitano utakula hadi uchoke. Akaniangalia kama nadanganya. Mama yake huko jikoni akacheka, akasema mwambie basi habari za yule mtoto wa Kongwa. Sikumwambia. Nawaambia nyie.

Ilikuwa 2009, mwezi wa sita. Mimi klinikal ofisa wa mwaka mmoja na nusu, kihospitali cha misheni upande wa Kongwa, kule kule Waingereza walikokuja na matrekta yao mwaka 1947 kulima karanga kwa mashindo, 1951 wakafungasha. Wenyeji walishazilima na wanazilima hadi leo, na mwezi wa sita ndo ukipita kwenye nyumba unakuta bibi na wajukuu wamekaa chini wanamenya.

Mtoto alikuja mara ya kwanza na kikohozi cha siku chache. Wa kiume, miaka mitatu. Nikasikiliza kifua, kushoto hewa ilikuwa inaingia kwa shida na kuna kamluzi kwa mbali, nikapiga picha, nikaitazama, nikasema kawaida. Nilikuwa natafuta weupe, weupe haukuwepo, basi. Nikampa amoksilini ya maji, wakaenda zao.

Wiki tatu baadaye wamerudi, safari hii mama na bibi wote wawili, mtoto ana homa, anapumua mara 52 kwa dakika, mbavu zinaingia ndani. Ukigonga kifua kushoto panajibu butu kama unagonga gunia limejaa, na stetoskopu haisikii kitu. Picha ikatoka: upande wote wa kushoto mweupe pee, juu hadi chini. Mimi moja kwa moja, maji. Maji mengi, na kwa kwetu maji mengi kifuani tunafikiria TB. Nikamwambia nesi aandae trei ya sindano nimtoe maji kidogo apate nafuu ya safari, huku naandika barua ya rufaa kwa bingwa wa watoto Dodoma mjini. Barua ilishafika ukurasa na robo. Nilianza na mimba ya mama yake, chanjo zote, nikaja kwenye homa, eksirei nikaipa mstari mmoja mwishoni: "Picha inaonyesha maji mengi kushoto, huenda TB, naomba msaada wako wa kitaalamu."

Hapo ndo akaingia mzee wa eksirei.

Huyu mzee alikuwa amebakiza kama mwaka astaafu, vidole vyake vinanuka dawa ya kusafishia picha saa zote hata akiwa anakula, na alikuwa anatuita sisi vijana "daktari" kwa sauti ambayo ulikuwa huelewi ni heshima au anakucheka. Umeme ulikuwa umekatika kwa hiyo boksi la taa halifanyi kazi, picha nilikuwa nimeiegesha kwenye kioo cha dirisha. Akasimama nyuma yangu akasoma ule mstari wangu begani, bila hata kuomba.

"Daktari, haya maji umeyaona au umeyafikiria?"

Nikamwonyesha ule weupe. Akasema weupe nauona, nimeupiga mwenyewe, nakuuliza maji.

Akatoa kalamu mfukoni, akaivalisha kifuniko isije ikakwaruza picha, akaniambia anza na mitulinga, ile mifupa miwili inayotoka chini ya shingo kwenda mabegani. Kwa nini mitulinga? Kwa sababu mtoto akilia anajipinda, na akijipinda kila kitu kifuani kinaonekana kimehama wakati hakijahama. Ukitazama zile ncha za ndani za mitulinga, kushoto na kulia, ziko umbali sawa kutoka uti wa mgongo? Zilikuwa sawa. Haya, hajajipinda, picha hii inaaminika. Sasa fuata koo la hewa. Hilo ni kama ufito mweusi unashuka katikati ya shingo kwenda kifuani. Akateremka nalo na kalamu taratibuuu, mimi namfuata kwa macho, na pale juu ya kifua ufito haukushuka wima, ulipinda. Ulipinda kuelekea kushoto, kwenye weupe.

"Maji yakijaa upande mmoja, koo yanalifanyaje?"

"Yanalisukuma."

"Kwenda wapi?"

"Upande wa pili."

"Sasa hili limesukumwa au limevutwa?"

Sikujibu. Akahamisha kalamu kwenye moyo. Kwa kawaida upande wa kulia wa uti wa mgongo lazima uone kipande cha moyo kimechungulia. Hakikuwepo. Moyo wote ulikuwa umezama kwenye ule weupe wa kushoto. Nakumbuka nzi alikuwa anatembea juu ya kioo, anapita kwenye weupe anaonekana, akifika kwenye pafu jeusi la kulia anapotea, na mimi namtazama nzi kwa sababu sikutaka kumtazama mzee. Nyuma yangu nasikia nesi anapanga vyuma kwenye trei, kli, kli. Pale nilipokuwa nimepanga kuchoma hapakuwa na maji, palikuwa na pafu limesinyaa, na moyo umehamia jirani kujaza nafasi.

Kwa faida ya wasio wa huku: maji yanasukuma, pafu lililosinyaa linavuta. Weupe ni ule ule, anayewatofautisha ni koo la hewa. Nikamuuliza mzee je lingekuwa katikati? Akasema ungeandika katikati, yaweza kuwa nimonia imejaa pafu zima, yaweza kuwa maji na kusinyaa kwa pamoja, vinavutana nguvu sawa, usijifanye unajua, andika katikati bingwa atafikiria.

Nikamwambia nesi trei irudi.

Afu mzee akasema lete ya zamani. Nikaitoa kwenye bahasha ya kaki, ile niliyosema kawaida, akaiweka pembeni ya mpya. Jamani. Pafu la kushoto lilikuwa jeusi kuliko la kulia, na kubwa, limetanuka, moyo umesukumwa kidogo kulia. Ukishaambiwa unaliona hata ukiwa mlangoni. Wiki tatu nyuma nilitafuta weupe wakati ugonjwa ulikuwa kwenye weusi.

Kitu kikikwama kwenye njia ya hewa ya pafu mwanzoni kinakaa kama mlango unaofunguka upande mmoja. Mtoto akivuta pumzi njia inatanuka hewa inapita, akitoa njia inabana hewa inabaki ndani, pafu linajaa kama puto, ndo ule weusi. Siku zinaenda, njia inavimba, inaziba kabisa, hewa iliyobaki inanyonywa na damu na pafu linajikunja, ndo weupe. Picha mbili, ugonjwa mmoja.

Nikatoka nje chini ya mwarobaini walikokaa. Swali ambalo nilitakiwa kuliuliza siku ya kwanza nikamuuliza mama: kabla ya kikohozi, huyu alishawahi kupaliwa? Mama akasema hapana. Bibi akawa anatazama chini. Baadaye kidogo akasema kwa sauti ndogo, alipaliwa siku tunamenya karanga, alikuwa anakimbia na nyingine mdomoni, akakohoa sana akawa wa bluu midomo, nikampiga mgongoni akatulia, nikajua imetoka. Mama akamgeukia mkwewe. Yale macho niache nisiyaeleze.

Nikarudi nikachana ile barua. Mzee akasema andika kama vile picha zitaibiwa kwenye basi, bingwa asome aione kichwani, na akisoma ajue unataka nini. Kwetu barua ni Kiingereza ila nawatafsiria, nakala ninayo mpaka leo:

"Mvulana, miaka 3, kilo 12. Kikohozi wiki 4, kilianza ghafla baada ya kupaliwa na karanga. Homa, pumzi 52. Kushoto hewa haiingii.
Eksirei ya leo, ya mbele, hajajipinda: upande wote wa kushoto mweupe. Koo la hewa na moyo vimevutwa kushoto. Pafu la kulia safi. Kitu kigeni hakionekani.
Eksirei ya wiki 3 zilizopita: ilisomwa kuwa kawaida. Ikitazamwa tena, pafu la kushoto ni jeusi na kubwa kuliko la kulia, moyo umesukumwa kulia.
Nadhani: pafu la kushoto limesinyaa kwa kuzibwa njia ya hewa, huenda karanga. Hajachomwa sindano kifuani. Ameanzishiwa ampisilini na jenta.
Naomba: njia za hewa zichunguzwe kwa kamera, kilichomo kitolewe. Picha 2 anazo mama."

Basi. Ile "kitu kigeni hakionekani" mzee ndo aliisisitiza, maana karanga haionekani kwenye eksirei kama shilingi inavyoonekana, na mtu akisoma haraka anaweza kudhani hakionekani maana yake hakipo. Kwa hiyo "nadhani" ikakaa mbali na "nilichokiona", mistari tofauti.

Ila mstari ulionichukua muda mrefu ni ule wa picha ya zamani. Mwanzo niliandika "niliisoma kuwa kawaida". Nikafuta. Nikafikiria kuuacha wote, nani angejua? Lakini weusi kwanza weupe baadaye, hiyo ndiyo hadithi yenyewe ya karanga, ukiitoa unabakiza weupe tu. Nikaandika "ilisomwa". Mzee akausoma, akanitazama juu ya miwani, hakusema neno.

Yaliyofuata yalienda haraka. Bingwa aliwapeleka Muhimbili siku ya pili, na kikaratasi cha majibu kikaturudia na mama mwezi wa saba: nusu karanga, njia ya hewa ya kushoto, imetoka, pafu limefunguka, picha ya kwanza ilisaidia. Chini kabisa kwa mwandiko mwingine kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa anaondoka: "Ilisomwa na nani?"

Mama alikuja kushukuru. Mtoto anakimbia huku na huku anavuta stetoskopu yangu. Bibi hakuja, sikuuliza. Mama hakujua kwamba ile siku ya kwanza niliwarudisha nyumbani na jibu likiwa ndani ya bahasha waliyoibeba wenyewe, na sikumwambia, nilishika mkono wake nikasema tumshukuru Mungu. Akaweka mfuko mezani, kama kilo mbili.

Karanga. Za bibi.

Tulizikaanga na mzee chumba cha eksirei, kwenye kajiko ka mkaa, tukala hadi jioni.