Nyota moja, saa sita usiku

Wapendwa, wiki hii neno limenikuta mimi mwenyewe kabla sijawaletea.

Mnakumbuka ushirika wa Jumatano pale kwangu Umoja Innercore, tulipokunywa chai kavu. Nilikuwa nimeagiza chapati 40 kwa mama mmoja, shilingi 20 kila moja, na nikalipa 800 mapema. Zilifika saa tatu unusu, baridi, zikiwa 30, na wageni wengi washaondoka. Aibu ilinichoma. Saa sita usiku nikafungua Google, nikampa nyota moja, nikaandika: “Chapati baridi, amechelewa, mwizi huyu, msinunue kwake.” Kisha nikaomba, nikalala. (Ndiyo, niliomba.)

Jumapili tulikuwa kwenye matanga ya jirani. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chai akanitazama usoni, akauliza polepole, “Kaka, si wewe wa ile picha?” Nilikuwa nimesahau kwamba maoni yale hubeba jina na picha ya mwandishi.

Hakunitusi. Alinieleza kwamba nilimwandikia “Umoja” tu, na mwenye bodaboda akazunguka Umoja 1 akinipigia, nami simu imezima chaji. Mfuko mmoja, wa chapati kumi, uliachwa jikoni; kosa hilo alilikubali. “Lakini pesa yako nilirudisha usiku uleule.” Nikafungua simu pale pale. Ujumbe wa M-Pesa, shilingi 200, saa nne kasoro dakika kumi. Ulikuwa umeingia simu ilipowaka, nami nikaupita nikikimbilia kuandika “mwizi”.

Watu tisa walikuwa wamempa nyota tano. Yangu ilimshusha hadi 4.6, na hilo angelivumilia. Kilichomuumiza ni lile neno, kwa sababu mteja wa Jumamosi alimwonyesha neno lenyewe akaghairi oda. Naye hawezi kulifuta. Mwenye biashara anaweza kujibu au kuripoti tu.

Ndugu zangu, Mathayo 18 tunaijua kwa moyo. Umwendee ndugu yako mkiwa peke yenu. Asiposikia, uchukue mmoja au wawili. Akikataa, ndipo uliambie kanisa. Mimi nilianzia mbali kuliko kanisa. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu! Baridi ni kweli, kuchelewa ni kweli, kumi kupungua ni kweli. “Mwizi” sikulijua, nililitunga kwa hasira. Na wewe unayesoma hapa huku umeandika kitu usiku wa jana, rudi ukikague neno kwa neno: lipi uliliona, na lipi ulilitunga?

Nikamwambia nitafuta yote. Akakataa. “Usifute, kaka. Andika ilivyokuwa, na makosa yangu pia.”

Nimeyahariri jana mchana. Nimeandika chapati 30, baridi, anwani yangu mbovu, pesa iliyorudi. Nyota tatu. Aliposoma alinitumia ujumbe: “Sawa. Jumatano ni ngapi?”